Karatasi Kumi na Moja, Faili Moja: Kuskani Maombi ya Mkopo kwa Simu

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wajumbe wa kamati ya mikopo, wazee wetu, shikamooni. Wanachama wenzangu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa nafasi kabla hatujaingia kwenye ajenda ya makisio, na ameniomba nisiwachoshe. Nina jambo moja. Umekaa nyumbani na karatasi zako za kuomba mkopo, simu iko mkononi. Ufanye nini ili ofisini tupokee faili moja la PDF linalosomeka, badala ya picha ishirini zinazoingia moja moja, hii imelala ubavu, ile ina kivuli cha kichwa cha mpigaji?

Nianze na upande wetu wa meza, maana wengi hawauoni. Kamati inapokaa, tunafungua maombi kwenye kompyuta moja na wajumbe wote wanatazama. Tunasoma fomu, tunafika palipoandikwa namba ya NIDA, tunashuka kwenye kitambulisho kuilinganisha. Tunasoma dhamana, tunashuka kwenye hati ya mauziano. Picha zikiwa zimetumwa kama picha, WhatsApp imeshazibana ili zipite haraka, na herufi ndogo ndizo zinazoumia kwanza: tarehe ndani ya mhuri, namba za kitambulisho, jina la shahidi. Hapo hatumkatai mtu. Tunaahirisha, na kuahirisha maana yake ni kikao kijacho.

Sasa tuchukue mfano. Mwanachama namba 0147, na namba nimeitunga, asishtuke mtu, anaomba mkopo wa kumalizia kununua pampu ya kumwagilia bustani. Ana fomu yetu ya kurasa nne. Ana kitambulisho cha NIDA, pande mbili. Ana barua ya serikali ya mtaa, ukurasa mmoja. Ana hati ya mauziano ya kiwanja anachoweka dhamana, iliyoandikwa kwa mkono mbele na nyuma. Na ana risiti ya EFD ya malipo ya awali dukani, risiti ndefu, ambayo nitaeleza baadaye kwa nini itachukua kurasa mbili. Jumla kumi na moja.

Kabla ya kushika simu, azipange mezani kwa mpangilio huohuo nilioutaja, fomu juu, risiti chini. Faili litafuata mpangilio wa kupiga, na kuzipanga karatasi mezani ni rahisi kuliko kuhamisha kurasa ndani ya simu.

Kwenye simu za Android nyingi programu ya Drive ya Google ipo tayari. Ukiifungua utaona alama ya kamera, au alama ya kujumlisha ambayo ukiigusa inakuletea neno `Scan`. Wenye iPhone hawahitaji kupakua kitu: wafungue Notes au Files, watafute `Scan Documents`. Zipo programu nyingine nyingi za bure, ila baadhi zinabandika tangazo lao chini ya kila ukurasa, na wakati mwingine tangazo hilo linakaa juu ya sahihi. Mimi nashauri utumie iliyomo kwenye simu.

Tofauti ya `Scan` na kamera ya kawaida ni kwamba `Scan` inatafuta kingo nne za karatasi, inakata meza iliyobaki nje, inanyoosha ukurasa uliopinda, kisha inakuacha uongeze ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na moja, vyote ndani ya faili moja. Ili iweze kuziona kingo, karatasi nyeupe iwekwe juu ya kitu cheusi au cha kahawia kisicho na maua. Meza tupu ya mbao inatosha kabisa. Kitambaa cheupe kinaichanganya, na khanga yenye nakshi inaichanganya zaidi, na ikichanganyikiwa inakata mahali isipotakiwa. Mara nyingi kinachokatwa ni mstari wa chini, na chini ndiko watu wanakoweka sahihi.

Mwanga ndio kazi yenyewe. Taa ya darini ikiwa juu ya kichwa chako, kivuli chako na cha simu vinaangukia karatasi, na hakuna kitufe kitakachokiondoa vizuri. Sogea dirishani au barazani mchana, kivulini, pasipo jua la moja kwa moja, ujipange namna ambayo mwanga unaingia kutoka ubavuni. Zima ile taa ya kamera yenye alama ya radi. Kwenye kitambulisho na karatasi inayong'aa inaacha doa jeupe, na doa hilo lina tabia ya kukaa juu ya picha au namba, mahali penyewe tunapopatazama.

Simama, usikae. Viwiko vibane mbavuni, simu iwe sambamba na karatasi, kama sentimita 30 hadi 40 juu yake kwa ukurasa wa A4. Ukiinamisha simu, upande wa juu wa ukurasa unakuwa mbali, na herufi zake zinatoka nyembamba hata programu ikiunyoosha ukurasa. Tena, programu nyingi zina tabia ya kupiga zenyewe mara zinapoona kingo, kabla mkono haujatulia. Kama mikono yako inatetemeka kidogo, tafuta pale juu ya skrini pa kubadilisha kutoka `Auto` kwenda `Manual`, upige kwa wakati wako.

Kitambulisho ni kidogo, kwa hiyo mtu anashawishika kukisogelea. Kamera nyingi zikifika karibu mno zinashindwa kulenga, herufi zinakuwa na ukungu. Kaa kama sentimita 20, acha programu ikate. Piga mbele, ongeza ukurasa, piga nyuma. Tusipoona nyuma tutakupigia simu.

Nakuja kwenye rangi, na hapa naomba msikilize, kwa sababu hapa ndipo faili zuri linapoharibika likiwa tayari limepigwa vizuri.

Ukishapiga, programu inakupa uchaguzi wa rangi, kijivu, au nyeusi na nyeupe. Nyeusi na nyeupe inavutia: ukurasa unakuwa mweupe pe, herufi nyeusi tii, na faili linakuwa dogo. Lakini inavyofanya kazi ni kwamba kila nukta ya ukurasa inalazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Mhuri wa zambarau uliofifia unahesabiwa mweupe, unapotea. Penseli inapotea. Wino wa buluu uliokandamizwa kidogo unakatikakatika. Dole gumba, lile alama la wino ambalo wazee wetu wengi wameweka kwenye hati za viwanja, linakuwa bonge moja jeusi lisilo na mistari, na dole lisilo na mistari halimthibitishi mtu yeyote.

Fomu yetu iliyochapwa na kujazwa kwa kalamu nyeusi unaweza kuiweka kijivu, hatutalalamika. Barua ya serikali ya mtaa, hati ya mauziano na kitambulisho viwe rangi. Mhuri wa buluu au zambarau juu ya sahihi nyeusi tunautambua kwa rangi yake, na karatasi iliyotolewa fotokopi tunaijua kwa kukosa rangi hiyo. Ukitutumia hati halisi ikiwa nyeusi na nyeupe, umeifanya ifanane na fotokopi mwenyewe. Simu nyingine zina pia kitufe cha kusafisha madoa kwa kupangusa na kidole. Kwenye hati za dhamana usikiguse. Doa la chai lina haki ya kubaki, na ukianza kupangusa hati ya mauziano, mjumbe yeyote ana haki ya kuuliza umepangusa nini kingine.

Hati hiyo ya kiwanja ina tatizo lake jingine, mikunjo. Imekaa miaka kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, na kila mkunjo unatupa kivuli juu ya mstari wa maandishi. Usiipige pasi, karatasi ya zamani inaungua na wino wa mhuri unaweza kuhama. Ilaze usiku kucha ndani ya kitabu kizito, au chini ya godoro kama kitabu hakipo. Asubuhi ielekeze ili mwanga ufuate urefu wa mkunjo badala ya kuukata. Kivuli kitapungua sana. Na igeuze! Mashahidi wengi wa mauziano wamesaini nyuma, na ukurasa wa nyuma ndio unaosahaulika kuliko yote.

Risiti ya EFD nayo. Karatasi ile haina wino, imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha mashine ndicho kinachochoma herufi. Kwa hiyo jua, joto la mfukoni na muda vinaifuta au kuitia weusi. Usiipeleke kufanyiwa lamination, itarudi nyeusi. Iskani siku hiyohiyo uliyoipata, hata kama mkopo utauomba mwezi ujao.

Urefu wake ndio sababu ya kurasa mbili. Kamera ya simu ina idadi maalumu ya nukta, na ukitaka risiti ya nusu mita iingie nzima, nukta hizohizo zinasambaa kwenye urefu mkubwa na kila herufi inabaki na chache. Ipige nusu ya juu, kisha nusu ya chini, ukiacha mistari miwili mitatu inayoonekana kwenye zote mbili ili tuone hakuna kilichorukwa. Nusu ya chini hakikisha ina jumla ya malipo, namba ya uthibitisho na ule mraba wa QR. Namba hiyo ndiyo tunayoingiza kwenye verify.tra.go.tz kuona kama risiti ni ya kweli. Ikiwa na ukungu, hatuwezi.

Umemaliza kurasa kumi na moja, bado hujahifadhi. Rudi mwanzo, pitia ukurasa mmoja mmoja. Kwa kila ukurasa angalia pembe nne kama zote zipo, kisha ukuze kwa vidole viwili mpaka kwenye maandishi madogo kuliko yote. Kipimo changu ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa ikianzia na mwaka. Mpe mtu mwingine simu, akusomee tarakimu zote 20 kutoka kwenye skrini, wewe ukifuata kwenye kadi. Akisita kati ya 3 na 8, au kati ya 1 na 7, piga tena ukurasa huo peke yake. Usimsomee wewe, maana namba yako unaijua kichwani na jicho litakudanganya. Sehemu ya tarehe kwenye mhuri ifanyie hivyohivyo. Haya yote yafanye kabla ya kugusa `Save`, kwa sababu kubadilisha ukurasa mmoja sasa ni kitufe kimoja, na baada ya kuhifadhi mara nyingi utaanza upya.

Jina. Drive italiita faili `Scanned_` ikifuatiwa na tarehe na saa. Ofisini tukipokea mafaili thelathini yote yanayoanza na Scanned, mhasibu anapata kazi ya kuyafungua yote kutafuta lako. Andika namba ya uanachama, aina ya ombi, mwaka na mwezi, bila nafasi katikati. Mwenzetu wa mfano angeandika hivi:

```
0147-mkopo-pampu-2025-06.pdf
```

Jina lako kamili usiliweke kwenye jina la faili. Namba inatutosha sisi, na haimwambii kitu mtu mwingine atakayeliona.

Ukubwa usiwatishe. Ukurasa wa rangi uliopigwa hivi mara nyingi unakuwa chini ya MB 1, kwa hiyo kurasa kumi na moja zitakaa kwenye MB chache. Gmail inakuruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25, na WhatsApp inapokea zaidi ya hapo. Faili lako likifika MB 30 au 40, uwezekano mkubwa ulipiga picha za kawaida ukaziunganisha, hukutumia `Scan`.

Kutuma kuna mtego mmoja, na umewanasa wengi. Faili likiwa Drive, kuna `Share` na kuna `Send a copy`, zimekaa kwenye menyu moja ya nukta tatu. `Share` haitumi faili, inatoa ruhusa ya kulifungua huko liliko. Wewe unaona umetuma, sisi tukigusa tunaambiwa tuombe ruhusa, ombi linakwenda kwenye barua pepe ambayo labda huifungui, siku zinapita. Tumia `Send a copy`, kisha uchague WhatsApp na namba ya ofisi. Ukilipakua kwanza kwenye simu, basi ndani ya WhatsApp gusa alama ya kibanio, chagua `Document`, usichague picha. PDF iliyotumwa kama `Document` inafika kama ilivyo, haibanwi.

Namba ya ofisi, nimesema. Siyo kundi la wanachama. Kule kuna watu wengi, na faili lako lina namba ya NIDA, sahihi, mipaka ya kiwanja na kiasi unachodaiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi inabanwa nayo katika kutunza karatasi zenu, lakini ukishazimwaga kundini mwenyewe ofisi haina la kufanya. Ikitokea umekosea, gusa ujumbe kwa muda, chagua kufuta kwa wote, haraka, kabla watu hawajapakua.

Wasio na simu janja wanaenda steshenari au kwa mjukuu, hakuna ubaya. Ila usiondoke faili likiwa limebaki kwa mwenye duka. Mwambie alifute mbele yako kwenye simu au kompyuta, alifute kwenye WhatsApp aliyotumia, na kama alitumia Drive afungue pipa la taka alifute humo pia, kwa sababu Drive inalihifadhi pipani siku 30 kabla ya kulifuta yenyewe.

Hapo nilikuwa nimefika mwisho, lakini wanachama waliuliza, na maswali mawili yanafaa kubaki kwenye maandishi haya.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, nikishatuma hiyo PDF, hati yangu ya kiwanja bado mnaitaka?" Ndiyo, mama. Skani inaiwezesha kamati kusoma na kuamua bila wewe kupanda gari mara tatu. Siku ya kusaini mkataba wa mkopo utakuja na hati yenyewe, tuilinganishe na ile tuliyoisoma. Kwa hiyo usiandike chochote juu yake, hata namba za kurasa kwa penseli.

Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kutuma fomu leo na kitambulisho kesho, kwa sababu kitambulisho amekiacha kijijini. Nilimjibu asubiri. Tukipokea mafaili mawili kwa siku mbili, kuna uwezekano wa moja kufunguliwa kikaoni na jingine kubaki kwenye simu ya ofisi. Na kama kitu kimepungua baada ya kutuma, atume upya faili zima lenye kurasa zote, aongeze `-v2` mwishoni mwa jina, nasi tutafuta la kwanza.

Mhasibu akipokea faili atakujibu kwa idadi ya kurasa alizoziona. Kwa mwenzetu wa mfano jibu lingekuwa "0147, kurasa 11." Akikuandikia 10, piga simu siku hiyohiyo, na uanze kwa kuangalia nyuma ya hati ya mauziano.